Muhtasari wa Lalamiko Unaporudishwa na Menejimenti: Dalili, Visababishi na Marekebisho

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya ofisa wa benki ambaye amemsikiliza mteja dirishani au kwenye simu, na sasa anatakiwa kuyaweka maelezo yale ya mdomo katika muhtasari wa ukurasa mmoja utakaosomwa na mkuu wa uendeshaji au mkurugenzi. Unaanzia pale ambapo muhtasari umekwisha kuandikwa na kupelekwa juu, kisha ukarudi na swali, au ukapata jibu lisilohusu, au ukanyamaziwa. Kila moja ya hali hizo ina kisababishi kinachoweza kutafutwa na kuthibitishwa, na mara nyingi kisababishi hicho kiko katika usikilizaji kuliko katika uandishi, kwa sababu jambo ambalo halikuulizwa mteja akiwa amekaa mbele yako haliwezi kuokolewa na sentensi nzuri.

Ili tusizungumze hewani, tuifuate kesi moja ya mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni kesi ya aina inayozifikia ngazi za juu za benki mara kwa mara nchini Tanzania: mteja ametumia kadi ya benki yake kwenye mashine ya ATM ya benki nyingine, fedha hazikutoka, lakini akaunti imekatwa. Mteja wetu ni mama wa makamo wa jijini Tanga, na maneno yake dirishani, bila kupambwa, yalikuwa haya:

"Mwanangu, hela yangu imeliwa. Usiku wa Ijumaa saa mbili nimekwenda pale Kange, watu wako tarawehe, nikaweka kadi nitoe laki nne. Mashine ikavuma, ikavuma, ikanyamaza. Hela hamna. Nikarudia, ikaniambia salio halitoshi. Nimekuja hapa mara mbili naambiwa subiri, halafu yule kaka wa dirisha la pili ananijibu eti mashine imesema imetoa. Nani kaiona hiyo hela? Shule wamenipa mpaka Jumatatu, mtoto atarudishwa nyumbani."

Ofisa aliyempokea aliandika muhtasari ufuatao na kuupeleka makao makuu:

"Mteja analalamika kuwa Ijumaa tarehe 7 Machi 2025 saa 2:00 usiku aliibiwa TZS 400,000 kwenye ATM. Mteja amefika tawini mara kadhaa na hajaridhika na huduma. Aidha, alijibiwa vibaya na mtumishi. Benki yenye mashine imethibitisha kuwa muamala ulikamilika. Tunaomba msaada wenu wa haraka."

Kwa mtazamo wa haraka muhtasari huu hauna ubaya. Ni mfupi, una tarehe, una kiasi, na lugha yake ni ya adabu. Hata hivyo, karibu kila sentensi ndani yake italeta dalili mojawapo kati ya hizi zinazofuata.

Dalili ya kwanza: jibu linasema muamala huo haupo

Makao makuu wanaitafuta tarehe 7 Machi, saa 2:00 usiku, na hawakuti kitu. Jibu linarudi kuwa hakuna muamala wa namna hiyo, na mama anaonekana kama aliyetunga.

Kisababishi cha kwanza ni saa. Mteja anapotamka saa mbili usiku anahesabu tangu jua kuzama, yaani 20:00 kwa saa za kompyuta. Ofisa aliyeandika "2:00 usiku" ameichukua namba kutoka kinywani mwa mteja akaiweka katika umbo ambalo mfumo wa benki, na msomaji aliyezoea ripoti za mfumo, watalisoma kuwa saa nane za usiku. Tofauti ya saa sita inatosha kuuhamishia muamala siku nyingine. Dawa yake ni kuandika saa katika mfumo wa saa 24 ndani ya muhtasari, huku maneno ya mteja yakibaki kando yake katika alama za kunukuu: 20:00 ("saa mbili usiku").

Kisababishi cha pili kimejificha zaidi, nacho ni siku yenyewe. Kwa watu wengi wa pwani, na hasa katika mazungumzo yanayogusa ibada, usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kalenda ya benki inauita Alhamisi usiku. Ofisa aliyekulia bara anaweza kuandika tarehe 7 bila kujua kwamba mama alikuwa anaizungumzia tarehe 6. Kumuuliza mteja "una uhakika na tarehe?" hakusaidii, maana yeye ana uhakika kabisa. Kinachosaidia ni kuifunga siku kwenye tukio jingine analolikumbuka: "Mama, kesho yake asubuhi ilikuwa siku ya Ijumaa, watu wakaenda swala ya mchana, au ilikuwa Jumamosi?" Swali hilo moja linamaliza shaka, na linaulizwa kwa sekunde chache.

Kisababishi cha tatu kinatoka upande wa mifumo. Taarifa ya akaunti ina tarehe mbili, ya muamala kufanyika na ya muamala kuingizwa katika vitabu, na muamala wa usiku uliofanywa kwenye mashine ya benki nyingine unaweza kuonekana katika vitabu kwa tarehe ya siku ya kazi inayofuata. Zaidi ya hayo, baadhi ya mifumo inayounganisha benki huandika muda wa UTC, ambao uko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3, kwa hiyo muamala wa 20:07 utasomeka 17:07. Namna ya kuthibitisha ni kuacha kutafuta kwa saa na kutafuta kwa kiasi: fungua taarifa ya akaunti ya siku mbili kabla na siku nne baada ya tarehe iliyotajwa, tafuta makato ya 400,000, kisha chukua namba ya kumbukumbu ya muamala. Ukishaipata namba hiyo, kila mtu katika mnyororo ataukuta muamala uleule hata kama saa zake zinasoma tofauti. Kwa maoni yangu, muhtasari wa lalamiko la kadi usio na namba ya kumbukumbu haujafikia hatua ya kupelekwa popote.

Katika kesi yetu utafutaji huo uliibua muamala wa Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, saa 20:07, na jaribio la pili saa 20:11 lililokataliwa kwa kanuni ya majibu 51, ambayo ni ya salio kutotosha. Mama hakukosea kwa lolote.

Dalili ya pili: lalamiko linajibiwa na idara isiyohusika

Muhtasari ulisema "aliibiwa". Aliyeupokea makao makuu akaupeleka kwenye kitengo cha kuzuia ulaghai, kitengo kikamwomba mteja alete taarifa ya polisi, na siku zikaanza kuliwa. Lakini mama hakusema kuwa ameibiwa. Alisema hela yake imeliwa, na katika matumizi ya kila siku maneno hayo yanatosha kumaanisha kwamba mashine imekata na haikutoa. Ofisa, kwa nia njema ya kuandika kirasmi, alilibadili neno la mtaani kuwa neno la kisheria.

Kosa hili lina pacha wake anayekwenda upande wa pili, nalo ni kulipunguza lalamiko. "Mteja hajaridhika na huduma" ni sentensi inayoweza kuandikwa juu ya mtu aliyekaa foleni kwa muda mrefu na juu ya mtu aliyepoteza ada ya mtoto wake. Kwa kuwa inawafaa wote wawili, haimwambii mkurugenzi chochote.

Kisababishi ni kimoja kwa makosa yote mawili: tabaka tatu za habari zimechanganywa katika sentensi moja. Kuna alichosema mteja, kuna kinachoonyeshwa na kumbukumbu za benki, na kuna anachodhani ofisa. Njia ya kujua kama zimechanganyika ni kuchukua kila sentensi ya muhtasari na kuuliza, "Hili nimelijuaje?" Jibu likiwa "mteja amesema", sentensi ianze na "Mteja anaeleza kuwa". Likiwa "nimeona kwenye mfumo", sentensi itaje kumbukumbu yenyewe. Likiwa "nadhani", sentensi iondolewe, au iwekwe mwishoni chini ya kichwa kinachosema wazi kuwa hayo ni maoni ya aliyeandika.

Tukiupima muhtasari wa kwanza kwa swali hilo, sentensi moja inaanguka vibaya kuliko zote: "Benki yenye mashine imethibitisha kuwa muamala ulikamilika." Ofisa amejuaje? Alichokuwa nacho mkononi ni barua pepe ya mstari mmoja isiyo na kiambatisho chochote. Kilichopo ni kwamba benki ile imeeleza, haijathibitisha. Mkurugenzi anayesoma "imethibitisha" ana haki ya kulifunga lalamiko papo hapo.

Dalili ya tatu: lalamiko linafungwa kwa maneno "muamala ulikamilika"

Hapa ndipo penye uzito wa kesi nzima, na ndipo ofisa anapolazimika kuelewa mashine inavyofanya kazi, angalau kwa kiasi cha kujua amuulize mteja nini.

Mteja anapoomba fedha, benki yake huidhinisha na kukata akaunti kwanza, kisha mashine huhesabu noti kutoka kwenye makasha yake na kuzipeleka kwenye kimlango. Mashine ikishindwa kutoa, inatakiwa kupeleka ujumbe wa kurejesha, na akaunti inarudishiwa fedha bila mtu kugusa kitu. Lalamiko la aina hii huzaliwa pale mlolongo huo unapokatika, na unaweza kukatika mahali tofauti tofauti. Huenda noti zilikwama ndani na ujumbe wa kurejesha haukupelekwa. Huenda ujumbe ulipelekwa lakini haukufika kwenye benki iliyotoa kadi. Huenda noti zilifika kimlangoni, hazikuchukuliwa kwa wakati, na mashine ikazivuta tena kwenye kasha la noti zilizorudishwa. Na kuna uwezekano mbaya zaidi: mhalifu ameweka kifaa cha kunasa noti mbele ya kimlango, mteja anaona hakuna kilichotoka, anaondoka, na mhalifu anarudi kuzichukua.

Mambo manne hayo yanaonekana sawa kwa mteja anayesimulia kwa uchungu. Kwake yeye, hela haikutoka. Lakini kila moja lina ushahidi wake. Noti zikibaki ndani ya mashine, iwe zimekwama au zimevutwa, fedha zinapohesabiwa wakati wa kujaza upya kutakuwa na ziada ya kiasi hichohicho. Zikiwa zimenaswa kimlangoni na kuchukuliwa, hakutakuwa na ziada, na shajara ya kielektroniki ya mashine inaweza kabisa kuonyesha kwamba noti zilitolewa. Ndiyo maana jibu la "muamala ulikamilika" lisiloambatana na shajara wala taarifa ya hesabu ya fedha halijajibu kitu.

Basi, mteja akiwa bado yuko mbele yako, mrudishe kwenye ile sekunde ya mashine kuvuma. Mazungumzo ya namna hii yanatosha:

"Shikamoo mama. Pole sana. Naomba nikurudishe nyuma kidogo, pale mashine ilipovuma. Kile kimlango cha kutokea hela, kilifunguka?"

"Marahaba. Hakikufunguka, mwanangu. Nimekitazama."

"Kadi ilirudi kabla ya mashine kuvuma au baada?"

"Kadi ilitoka kwanza, ndiyo ikaanza kuvuma."

"Na karatasi ilitoka?"

"Hapana. Iliandika kitu kwa Kizungu, sikukisoma, ikarudi mwanzo."

"Kuna mtu aliyekuwa nyuma yako, au aliyekwambia urudie?"

"Kulikuwa na mlinzi tu, amekaa kule kwenye kiti."

Majibu hayo mafupi yamebadilisha lalamiko. Maandishi yaliyotokea kwenye kioo cha mashine kabla ya kurudi mwanzo yanaelekea kwenye hitilafu iliyotambuliwa na mashine yenyewe, na hitilafu iliyotambuliwa kwa kawaida huandikwa kwenye shajara. Kimlango kutofunguka kunapunguza uwezekano wa noti kuvutwa tena, ingawa hakuuondoi ule wa kifaa cha kunasa, kwa kuwa vifaa hivyo mara nyingi hutengenezwa vifanane na kimlango chenyewe. Ofisa hatakiwi kuamua ni lipi kati ya hayo lililotokea. Anatakiwa kuandika alichokiona mteja kwa usahihi wa kutosha ili mkuu wa uendeshaji ajue adai ushahidi upi kutoka benki nyingine.

Tahadhari moja ni muhimu. Ikiwa mteja atataja kwamba kimlango kilionekana kimelegea au kina kitu kimebandikwa, usisubiri kuandika muhtasari. Mpigie simu msimamizi wa mashine wakati huohuo ili benki yenye mashine iarifiwe, kisha rudi kwenye karatasi yako, kwa sababu kila dakika inayopita kuna mtu mwingine anayeingiza kadi pale.

Dalili ya nne: menejimenti inauliza "mnataka tufanye nini?"

Hili ni jibu la kawaida sana na huwaudhi maofisa, ambao huliona kama dharau. Lakini ukiusoma tena muhtasari wa kwanza utakuta swali hilo ni la haki. "Tunaomba msaada wenu wa haraka" haiombi kitu chochote ambacho mkurugenzi anaweza kukisaini.

Kisababishi chake ni mpangilio wa simulizi. Mtu anayelalamika kwa mdomo huanza na kinachomuuma, akarudi kwenye tukio, akaruka kwenye manyanyaso ya dirishani, akamalizia na hofu ya kesho. Ofisa akiufuata mpangilio huo, ombi humezwa katikati au halitajwi. Njia ninayoiona kuwa bora ni kuanza kuandika muhtasari kwa ombi lenyewe: kabla ya sentensi nyingine yoyote, andika uamuzi unaoombwa, na mbele yake andika kwa nini ngazi yako haiwezi kuutoa. Ukishindwa kuijaza nafasi hiyo ya pili, lalamiko bado ni lako, halijafikia kupandishwa.

Katika kesi ya mama wa Kange mambo mawili yalikuwa juu ya uwezo wa tawi. La kwanza lilikuwa kuidhinisha marejesho ya muda ya TZS 400,000 wakati uchunguzi unaendelea, kwa sharti kwamba yatakatwa endapo itathibitika alipokea fedha. La pili lilikuwa barua ya mkuu wa uendeshaji kwenda kwa mwenzake wa benki yenye mashine, kudai shajara ya mashine, taarifa ya hesabu ya fedha kwa mzunguko wa ujazaji unaoihusisha tarehe 6 Machi, na picha za kamera ya ulinzi kuanzia 20:00 hadi 20:20. Tawi lilikwisha kuuliza kwa njia ya kawaida na kupewa mstari mmoja. Hiyo ndiyo sababu ya kupanda juu, na ilipaswa kuonekana katika mistari mitatu ya kwanza.

Tarehe ya mwisho nayo inahitaji kuandikwa kama tarehe. "Haraka" haina uzito kwa mtu anayepokea makaratasi kumi yote yenye neno hilohilo. "Jumatatu tarehe 24 Machi 2025, tarehe ya mwisho ya malipo ya ada" inaeleweka bila maelezo zaidi.

Dalili ya tano: jibu limekuja, lakini linahusu lugha mbaya ya dirishani

Malalamiko mawili yamewekwa katika bahasha moja, na msomaji amelichagua lililo jepesi. Kumwandikia mteja barua ya kuomba radhi kwa lugha ya mtumishi ni rahisi kuliko kufuatilia shajara ya mashine ya benki nyingine, na barua hiyo ikishatoka, kesi nzima huonekana imejibiwa.

Yatenganishe kwa namba mbili za kumbukumbu katika sajili ya malalamiko, na katika muhtasari wa fedha taja tu kwamba lalamiko la mwenendo limefunguliwa kando na linashughulikiwa na meneja wa tawi. Jina la mtumishi lisionekane kwenye muhtasari wa fedha. Cheo na siku vinatosha. Na kwa kweli katika kesi hii tatizo la dirisha la pili halikuwa lugha yake. Alimsomea mteja jibu la benki nyingine kana kwamba ni hukumu.

Dalili ya sita: mteja anapopigiwa simu anayakana yaliyoandikwa

Mkuu wa uendeshaji anampigia mteja kujiridhisha, naye anajibu, "Sikusema hivyo." Baada ya hapo kila kitu kilichoandikwa na tawi hilo kinasomwa kwa mashaka, hata katika kesi nyingine.

Kwenye simu zinazorekodiwa tiba ni kusikiliza rekodi kabla ya kuandika, hasa dakika mbili za mwanzo, ambamo mteja huwa bado hajaanza kuyarekebisha maneno yake kulingana na maswali anayoulizwa. Dirishani hakuna rekodi, kwa hiyo tiba ni kumsomea. Msomee kwa maneno mepesi yale ya msingi tu: lini, wapi, kiasi gani, aliona nini, anataka nini. Mwambie, "Mama, naomba nikusomee nilivyoelewa, unisahihishe nilipokosea," kisha unyamaze na kumwacha azungumze. Wateja wengi, hasa wazee, husema "ndiyo, sawa" kwa adabu, kwa hiyo usiulize "ni sawa?" mwishoni. Uliza swali linalodai jibu lenye maudhui: "Hapo kwenye kimlango, nimeandika hakikufunguka. Ulikuwa umesimama wapi ulipokitazama?" Mwishoni andika kwamba mteja amesomewa, siku gani na saa ngapi.

Kiasi cha fedha kisomwe kwa namna mbili. "Laki nne" haina utata, lakini "elfu thelathini na tano" inaweza kuwa 35,000 au 30,005, na kwa makato madogo madogo ya ada tofauti hiyo hugeuka kuwa mzozo mpya.

Yasiyotakiwa kuonekana kabisa

Muhtasari unaopanda juu hupita kwenye barua pepe za watu wengi. Namba kamili ya kadi isiandikwe. Tarakimu za mwanzo zinazoitambulisha benki iliyotoa kadi na 4 za mwisho ndizo nyingi kabisa zinazoruhusiwa kuonyeshwa kwa kawaida chini ya PCI DSS, kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa za kadi, na kwa muhtasari huu zile 4 za mwisho zinatosha. Namba ya siri, hata kama mteja ameitamka mwenyewe kwa kuchanganyikiwa, haiandikwi popote, na hapohapo anaelekezwa kuibadilisha. Habari za mtoto, shule na dini ya mteja ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tarawehe ilitusaidia kuipata tarehe sahihi. Tarehe ikishapatikana, haina kazi tena ndani ya muhtasari.

Muhtasari baada ya marekebisho

*Kumbukumbu na ombi.* Lalamiko la kadi, fedha kutotolewa na akaunti kukatwa. Tunaomba (1) idhini ya marejesho ya muda ya TZS 400,000, na (2) barua ya mkuu wa uendeshaji kwa benki yenye mashine kudai shajara, taarifa ya hesabu ya fedha na picha za kamera. Yote mawili yako nje ya mamlaka ya tawi. Uamuzi unahitajika kabla ya Jumatatu tarehe 24 Machi 2025, ambayo ni tarehe ya mwisho ya malipo ya ada ambayo fedha hizo zilikusudiwa.

*Mteja anaeleza kuwa* Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, 20:00 au baada yake kidogo ("usiku wa Ijumaa saa mbili"), aliomba TZS 400,000 kwenye ATM ya benki nyingine iliyoko stendi ya Kange, Tanga. Kadi ilirudi, mashine ikavuma, kimlango hakikufunguka, maandishi ambayo hakuyasoma yakatokea kwenye kioo, na hakuna risiti iliyotoka. Alirudia na kuelezwa kuwa salio halitoshi. Hakuna mtu aliyemkaribia. Kwa maneno yake: "Nani kaiona hiyo hela?"

*Kumbukumbu za benki yetu zinaonyesha* salio la TZS 520,000 kabla ya tukio. Muamala wa TZS 400,000 ulioidhinishwa 20:07, namba ya kumbukumbu imeambatishwa. Jaribio la pili 20:11 lililokataliwa kwa kanuni 51. Na hakuna ujumbe wa kurejesha uliopokelewa hadi tarehe 21 Machi.

*Hatua zilizochukuliwa.* Tarehe 10 Machi mteja alifika tawini na dai likatumwa kwa benki yenye mashine. Tarehe 17 Machi ilijibu kwa barua pepe kuwa muamala ulikamilika, bila kiambatisho. Tarehe hiyohiyo mteja aliarifiwa na hakukubali. Tarehe 20 Machi alirudi, akahojiwa upya na kusomewa maelezo haya 11:40.

*Ambacho hakijajulikana* ni kama fedha zilibaki ndani ya mashine. Taarifa ya hesabu ya fedha ndiyo itakayolijibu swali hilo, na benki yetu haijaiona.

Ukurasa huu una urefu unaozidi ule wa kwanza mara kadhaa, na hilo halipaswi kumtia mtu hofu. Kinachomchosha mkurugenzi ni kutafuta ombi, na hapa ombi liko juu. Aya ya mwisho ndiyo ambayo maofisa husita kuiandika, wakiona kana kwamba inaonyesha udhaifu wa tawi, ilhali ndiyo inayomwonyesha msomaji kwamba jibu la benki nyingine halijaifunga kesi.

Endapo jibu litachelewa, usiandike muhtasari mwingine mpya. Rudisha huuhuu ukiwa na namba ileile, ongeza mstari mmoja katika hatua zilizochukuliwa pamoja na tarehe yake, na kama tarehe ya mwisho imepita, andika kilichotokea kwa mteja siku hiyo. Mihtasari miwili yenye maneno tofauti juu ya tukio moja humpa msomaji sababu ya kuuliza upi ni wa kweli, na mteja atasubiri wakati swali hilo linajibiwa.